Wiki, wiki mbili au mwezi: jinsi ya kuhesabu siku za malipo, na kuukamata mwaka wenye malipo 27

Karibu kila anayeniletea hesabu hii amekosea mahali pale pale. Fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, analipwa Sh. 150,000 kila Ijumaa. Bosi amechoka kulipa kila wiki, anamwambia: "Kuanzia mwezi ujao nakulipa mara moja, laki sita. Hujapungukiwa kitu." Fundi anapiga hesabu kwa vidole: laki na nusu mara nne ni laki sita. Anatia saini. Mwaka ukiisha amepoteza Sh. 600,000, na bosi mwenyewe huenda hajui kama amezichukua.

Kosa la pili ni la upande wa bosi. Anayelipa kila baada ya wiki mbili hupanga bajeti ya malipo 26, kwa sababu mwaka una wiki 52. Hesabu hiyo inamtosha miaka kumi, kisha mwaka mmoja linatokea Ijumaa la malipo ambalo halikuwamo kwenye bajeti. Kwa wengi wanaolipa Ijumaa, mwaka huo ni 2026 au 2027, na utaona chini kwa nini siwezi kusema ni upi kabla sijaiona kalenda yako.

Nimeandika hatua zote kwa mtu mwenye wafanyakazi wachache anayejiwekea hesabu mwenyewe. Mfanyakazi naye anaweza kuzifuata kuikagua ofa aliyopewa. Mfano ni karakana ya samani yenye mafundi kumi na wawili, kila mmoja Sh. 300,000 kila Ijumaa ya pili.

## Andaa hivi kwanza

Mikataba ya wafanyakazi wako. Unachotafuta ndani yake ni kitu kimoja tu: kiasi kimeandikwa kwa kipindi gani? "Sh. 300,000 kila wiki mbili" na "Sh. 7,800,000 kwa mwaka" vinaonekana sawa, lakini mwaka wa malipo 27 ukifika vinaachana njia.

Tarehe halisi ya malipo yako ya mwisho. Kusema "huwa tunalipa Ijumaa" hakutoshi, kwa sababu Ijumaa za wiki mbili ziko makundi mawili na miaka yao ya malipo ya ziada ni tofauti.

Kalenda ya sikukuu za serikali ya mwaka huu na ya mwaka unaofuata, pamoja na Excel au programu yoyote ya jedwali. Daftari la mistari linafaa pia. Mimi nilianza na daftari, na bado nahakiki kwa daftari.

## Hatua ya 1: Tenganisha siku zilizofanyiwa kazi na siku ya malipo

Kila malipo yana tarehe mbili. Ya kwanza ni siku kipindi cha kazi kilipoishia. Ya pili ni siku pesa ilipotoka mkononi mwako. Kwenye karakana yetu kipindi kinaishia Jumamosi, mafundi wanalipwa Ijumaa inayofuata, na zile siku tano za katikati ni za kujumlisha mahudhurio na kukata madeni.

Andika tarehe zote mbili kwa malipo yako ya mwisho. Malipo ya ziada yanahusu siku ya malipo peke yake. Mafundi hawakufanya kazi siku nyingi zaidi mwaka ule, wala mwaka haukuongezwa wiki. Kilichotokea ni siku moja ya malipo kuangukia upande huu wa mpaka wa mwaka badala ya upande ule.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema sentensi ya namna hii bila kusita: "Malipo ya Ijumaa hii ni ya siku kumi na nne zilizoishia Jumamosi iliyopita."

## Hatua ya 2: Ukibadilisha ratiba, pitia kwenye mwaka

Usitoke kwenye wiki kwenda mwezi moja kwa moja. Panda kwanza hadi mwaka, kisha shuka. Wiki zizidishe kwa 52, wiki mbili kwa 26, mwezi kwa 12. Ukishapata kiasi cha mwaka, kigawe kwa idadi ya ratiba mpya.

Fundi wetu wa 150,000 kwa wiki anapanda hadi 7,800,000 kwa mwaka. Akishuka kwa 12 anapata 650,000 kwa mwezi. Ofa ya laki sita ilimpunguzia elfu hamsini kila mwezi, na hamsini mara kumi na mbili ndiyo ile 600,000 iliyoyeyuka.

Kisa ni kwamba mwezi wa wiki nne kamili ni mmoja tu, Februari usio wa mwaka mrefu. Miezi mingine yote ina siku mbili au tatu za ziada. Zikusanye hizo siku za mwaka mzima, unapata wiki nne ambazo hesabu ya "nne kwa mwezi" haizioni: nne mara kumi na mbili ni 48, wakati mwaka una 52.

Kosa hili hukata pande zote mbili. Bosi aliyeahidi 600,000 kwa mwezi, kisha akaamua kulipa 150,000 kila wiki, amejiongezea mshahara wa mwezi wa kumi na tatu bila kujua. Nimeona karakana iliyofanya hivyo miaka miwili ikishangaa faida inakwenda wapi.

Kwa Tanzania huna haja ya kubishana na mtu juu ya kigawanyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina jedwali la kubadilisha viwango vya mshahara, na humo mwezi mmoja ni wiki 4.333. Hiyo ni 52 kugawanya kwa 12, basi. Hata amri za kima cha chini hutaja viwango kwa saa, siku, wiki, wiki mbili na mwezi, kwa hiyo ukibadilisha ratiba angalia safu ya ratiba mpya usije ukashuka chini ya kima bila kukusudia.

Tahadhari moja: "kila baada ya wiki nne" siyo "kila mwezi". Anayelipwa kila baada ya siku 28 anapokea mara 13 kwa mwaka. Mkataba ukiwa na maneno hayo, gawa kwa 13.

Kipimo cha kufaulu: rudisha jibu lako juu. 650,000 mara 12 na 150,000 mara 52 lazima zikutane kwenye 7,800,000. Zisipokutana, tafuta namba 4 au 48 imejificha wapi.

## Hatua ya 3: Orodhesha siku za malipo moja moja

Usizidishe hapa, orodhesha. Chukua siku ya kwanza ya malipo ya mwaka, ongeza siku 14, ongeza tena 14, mpaka uingie mwaka unaofuata. Karakana yetu ililipa Ijumaa ya tarehe 2 Januari 2026. Kwenye Excel andika hivi:

```
A2:  =DATE(2026,1,2)
A3:  =A2+14
```

Kisha buruta A3 mpaka A29. Tarehe niliiandika kwa `DATE` kwa makusudi. Ukiandika 2/1/2026 kwenye kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itaisoma kuwa tarehe 1 Februari, na orodha yote itakosea bila kukuonyesha dalili yoyote. Anayelipa kila wiki aweke 7 badala ya 14 na kuburuta mpaka A56.

Ukimaliza utaona seli ya A27 ni 18 Desemba 2026, na A28 ni 1 Januari 2027. Ukiona tofauti, tarehe yako ya kwanza ilisomwa vibaya.

Kabla hujaendelea, pitisha macho kwenye miezi. Mingi ina malipo mawili, lakini Januari 2026 ina matatu (tarehe 2, 16 na 30), na Julai pia (3, 17 na 31). Kila mwaka wa kawaida una miezi miwili ya namna hiyo. Huo siyo mwaka wa malipo ya ziada, ni jinsi 26 inavyokaa ndani ya miezi 12. Watu wengi hupigiwa simu na mtu mwenye furaha mwezi wa Julai, "bosi kanilipa mara tatu!", wakadhani wamekosea.

## Hatua ya 4: Sogeza malipo yaliyoangukia sikukuu

Hapa ndipo 2026 na 2027 zinapogombania malipo moja.

Kwa orodha tupu, mwaka 2026 una malipo 26, na 2027 una malipo 27: unaanza na Ijumaa tarehe 1 Januari na kumalizika na Ijumaa tarehe 31 Desemba. Lakini 1 Januari ni sikukuu. Benki zimefungwa, na mafundi wanataka pesa ya mwaka mpya kabla ya mwaka mpya. Utalipa Alhamisi, tarehe 31 Desemba 2026. Kwa kusogea siku moja tu, malipo hayo yamevuka mpaka: sasa 2026 ina 27, na 2027 imebaki na 26.

Kodi ya mshahara inafuata tarehe pesa ilipolipwa. Malipo ya 31 Desemba ni ya Desemba 2026, na kodi yake inatakiwa TRA kufikia tarehe 7 Januari 2027. Mwenye karakana aliyesubiri kulipa Jumatatu ya tarehe 4 Januari atakuwa na 26 mwaka 2026 na 27 mwaka 2027. Wote wawili wamehesabu sawa. Ndiyo maana sikutaja mwaka pale juu.

Weka sikukuu kwenye safu ya E, kuanzia E2, kila moja kwa `DATE`, ukianza na 1 Januari ya miaka yote miwili. Kisha:

```
B2:  =WORKDAY(A2+1,-1,$E$2:$E$20)
```

Fomula hii inarudisha siku ile ile kama ni ya kazi, na kama ni sikukuu au mwisho wa wiki inarudi nyuma hadi siku ya kazi iliyotangulia. Buruta hadi B29. Seli ya B28 inatakiwa isomeke 31 Desemba 2026. Ikibaki 1 Januari 2027, sikukuu hiyo haimo kwenye safu ya E.

Sasa tahadhari kubwa kuliko zote kwenye ukurasa huu. Siku 14 zihesabiwe kutoka safu ya A, kamwe zisihesabiwe kutoka safu ya B. Nilifanya kosa hilo mwenyewe mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii: malipo yalisogezwa Alhamisi kwa ajili ya sikukuu, nikaongeza 14 kwenye ile Alhamisi, na kuanzia hapo orodha yote ikawa ya Alhamisi. Kosa liligunduliwa na fundi mmoja aliyekuja kuuliza kwa upole kwa nini karatasi ukutani inasema Alhamisi na pesa inaingia Ijumaa.

Anayelipa kila wiki siku ya Ijumaa ana kazi zaidi hapa. Mwaka 2026 Ijumaa Kuu ni 3 Aprili, Mei Mosi ni Ijumaa, na Krismasi ni Ijumaa. Sikukuu za Idi zinafuata mwezi kuandama, kwa hiyo ziweke kwa makadirio na uzirekebishe zikitangazwa.

## Hatua ya 5: Hesabu, kisha elewa kwa nini imezidi

Kuhesabu ni mstari mmoja:

```
=COUNTIFS($B$2:$B$29,">="&DATE(2026,1,1),$B$2:$B$29,"<="&DATE(2026,12,31))
```

Jibu la karakana yetu ni 27. Ukiielekeza kwenye safu ya A utapata 26. Ukiona namba hizo mbili, jedwali lako ni zima.

Sababu yenyewe ni fupi. Wiki 52 ni siku 364, na mwaka una 365. Siku moja inabaki kila mwaka, na mbili kwenye mwaka mrefu. Kwa hiyo siku yako ya kwanza ya malipo inarudi nyuma kila mwaka: 9 Januari, mwakani 8, halafu 7, mpaka igonge ukuta wa mwanzo wa mwaka. Inapogonga, yanaingia malipo ya ziada, na safari inaanza upya.

Ukitaka kujua bila kompyuta, tumia kanuni hii. Mwaka wa kawaida una malipo ya ziada kama siku ya malipo imeangukia tarehe 1 Januari. Mwaka mrefu unayo kama imeangukia tarehe 1 au 2 Januari. Kanuni ni hiyo hiyo kwa wiki na kwa wiki mbili. Tofauti ni umbali: anayelipa kila wiki ana siku saba tu za kurudi nyuma, kwa hiyo hukutana na malipo ya 53 kila baada ya miaka mitano au sita. Kwa Ijumaa ilikuwa 2021, inafuata 2027, kisha 2032. Anayelipa kila wiki mbili ana siku kumi na nne, na kwake ni miaka kumi na moja hivi.

Hapo ndipo yale makundi mawili ya Ijumaa yanapoachana. Karakana iliyolipa 2 Januari 2026 ina zamu yake 2027 kwa kalenda tupu, kisha 2038. Jirani yake aliyelipa 9 Januari 2026 hana wasiwasi mpaka 2032, mwaka mrefu utakaoanza kwa malipo ya tarehe 2 Januari. Wanalipa Ijumaa wote, wanatazamana dirishani, na shida zao ziko miaka tofauti.

Anayelipa kwa mwezi hakutani na haya kabisa. Miezi ni 12, mwisho wa habari. Kinachobadilika kwake ni thamani ya siku moja: mshahara ule ule unanunua siku 28 Februari na 31 Machi.

Kama bajeti yako inaanza Julai, fanya jaribio lile lile kwenye 1 Julai. Matokeo hayatafanana na ya Januari. Karakana yetu ingekuwa na mwaka wa fedha wa Julai, malipo 27 yangeangukia 2027/2028: malipo ya kwanza 2 Julai 2027, na kwa sababu Februari 2028 ina siku 29, ya mwisho yanaingia 30 Juni 2028, siku ya mwisho kabisa.

## Hatua ya 6: Amua malipo ya 27 yanalipwaje

Rudi kwenye mkataba uliouandaa mwanzoni.

Kama umeandikwa kwa wiki mbili, hakuna cha kuamua. Fundi amefanya kazi siku zake kumi na nne, na anadai 300,000 yake. Malipo ya 27 siyo bonasi wala zawadi ya mwaka mpya, na usiyaite hivyo hata kwa mzaha, maana mwaka unaofuata utaulizwa bonasi iko wapi. Kwa karakana ya watu kumi na wawili ni Sh. 3,600,000 za ziada ndani ya mwaka mmoja wa kalenda.

Kama mkataba umeandikwa kwa mwaka, Sh. 7,800,000, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea na 300,000, mwaka huo ukatoa 8,100,000. Ya pili ni kugawa 7,800,000 kwa 27, ambapo kila malipo yanashuka hadi 288,889. Kiasi cha mwaka hakijabadilika, lakini fundi anaona elfu kumi na moja zimepungua kila Ijumaa ya malipo, na maelezo yako ya kalenda hayatamsaidia dukani kwa Mangi.

Ukichagua njia ya pili, lazima uianze na malipo ya kwanza ya mwaka. Karakana iliyokwisha kulipa 300,000 mara 26 haiwezi kufika Desemba ikasema malipo ya mwisho ni sifuri. Pia sheria inataka mabadiliko ya masharti yaliyoandikwa yafanyike kwa kushauriana na mfanyakazi, na ajulishwe kwa maandishi. Halafu linganisha kile kiasi kipya na kima cha chini cha wiki mbili cha sekta yako kabla hujachapa barua.

Kwa maoni yangu, mwenye biashara ndogo achukue njia ya kwanza na aiandalie fungu. Makato ya elfu kumi na moja huvunja amani ya karakana kwa miezi kumi na miwili ili kuokoa kitu kinachotokea mara moja kwa miaka kumi na moja. Fungu lenyewe ni dogo: gawa 3,600,000 kwa 11, unapata kama Sh. 327,000 kwa mwaka, au Sh. 12,600 kila unapolipa. Weka kwenye akaunti tofauti, siyo kwenye droo ya mbao na misumari.

Kama umechelewa na malipo ya 27 yako mwaka huu huu, hesabu malipo yaliyobaki kabla yake na ugawe 3,600,000 kwa idadi hiyo. Yakibaki kumi ni 360,000 kila mara, na inauma. Yakibaki mawili, zungumza na wateja wenye madeni kabla hujazungumza na benki.

## Hatua ya 7: Kagua kodi ya miezi yenye malipo matatu

Jedwali la kodi ya mshahara la Tanzania Bara, lile linalotumika tangu Julai 2021, linasomwa kwa mwezi. Viwango vinapanda ngazi kwa ngazi: hadi 270,000 hakuna kodi, kisha asilimia 8, kisha 20 kuanzia 520,000, kisha 25 kuanzia 760,000. Anayelipa kwa mwezi hajali, kwa sababu kila mwezi unafanana. Anayelipa kwa wiki mbili anapanda ngazi mara mbili au tatu kwa mwaka, kisha anashuka.

Chukua fundi wetu wa 300,000 kwa wiki mbili. Toa asilimia 10 ya NSSF, inabaki 270,000 yenye kodi kwa kila malipo. Mwezi wa malipo mawili una 540,000, kodi yake 24,000. Mwezi wa malipo matatu una 810,000, na kodi inaruka hadi 80,500. Kama ulikata 12,000 kwenye kila malipo mawili ya kwanza, ya tatu yanabeba mzigo wote uliobaki, 56,500. Fundi aliyezoea kupokea 258,000 anapokea 213,500, na simu zinaanza.

Mwambie mapema. Andika kwenye karatasi ya mshahara jumla ya mwezi na kodi ya mwezi, siyo ya malipo hayo peke yake, ili aone hesabu imetoka wapi. Wiki hiyo anapokea pungufu, lakini kwa mwezi mzima bado amepata zaidi ya mwezi wa kawaida.

Kisha hakiki kwa mwaka. Malipo 27 ya 270,000 ni 7,290,000. Kwa viwango vya mwaka, ambavyo ni vile vya mwezi mara 12, kodi ni 450,000. Ukijumlisha miezi yako, tisa ya kawaida na mitatu ya malipo matatu, unapata 457,500. Tofauti ya 7,500 imetokana na kupanda na kushuka ngazi. Ukiona tofauti ya makumi ya maelfu, hiyo siyo kalenda tena. Kuna mwezi umesomwa vibaya, na mara nyingi ni ule ambao malipo yalisogezwa na sikukuu yakaachwa kwenye mwezi wa zamani.

## Ratiba ipi, kwa nani

Nikiulizwa, kwa vibarua na mafundi wa kazi za mkataba mfupi nasema wiki. Ni kazi nyingi, mara 52 kwa mwaka na gharama ya kutuma pesa kila mara, lakini mtu asiyejua kama atakuwepo mwezi ujao hawezi kukukopesha jasho la siku thelathini. Ukilipa kwa wiki, mikopo ya mafundi hupungua. Kwa mwezi, karakana ndogo inageuka benki: ikifika tarehe 15 nusu ya mishahara imeshatoka kwa vikaratasi, na kukata madeni mwisho wa mwezi kunakula siku nzima.

Mwezi unafaa kwa watu wa ofisini, ambao kodi ya nyumba na marejesho ya mikopo yao yanakuja kwa mwezi. Pia hauna mwaka wa ziada na kodi yake haipandi ngazi.

Wiki mbili ndiyo ratiba yenye mitego yote uliyoisoma hapa, na hata hivyo ndiyo niliyoiacha kwenye karakana ya Keko. Inapunguza kazi ya kulipa kwa nusu, na fundi hasubiri sana. Sharti ni kwamba orodha ya safu ya B ichapwe kila Desemba na kubandikwa ukutani, miezi ya malipo matatu ikiwa imepigwa mstari.

Ya mwisho wa 2026 iwekee alama mbili. Baada ya Alhamisi ya 31 Desemba, malipo yanayofuata ni Ijumaa ya 15 Januari 2027: siku kumi na tano badala ya kumi na nne, na katikati yake shule zinafungua.